Vingapi, na Kipi Kwanza?



Sisi wa kamati ya msikiti wetu, pembezoni mwa mji wa Tanga, tumekabidhiwa pamoja na mambo mengine kuusaidia uendeshaji wa nyumba moja ya kulelea watoto. Watoto waliomo ni 38, wavulana 21 na wasichana 17, mdogo wao ana miaka minne na mkubwa anakaribia kumi na minane. Wapo pia watu wazima watano wanaokula jiko hilo hilo: mlezi mkuu, wasaidizi wake wawili, mpishi na mlinzi. Kwa hiyo kila jioni sinia zinapotandazwa, midomo ni 43. Tunaomba msomaji aishike tarakimu hiyo, kwani mwaka juzi sisi wenyewe hatukuwa nayo kichwani, na hapo ndipo kosa letu lilipoanzia.

Mwaka huo mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya hapa kwetu, aishiye Maskati, alituma salamu kwamba angependa kukisaidia kituo. Tukaketi tukaandika barua nzuri. Ilikuwa na utangulizi mrefu, dua, fadhila za kumlea yatima, kisha ikafika kwenye ombi lenyewe kwa mstari mmoja: tunahitaji chakula, mavazi, magodoro, vifaa vya shule na mahitaji mengineyo. Tukaipiga mhuri, tukaituma, tukashukuru.

Mzigo ulifika baada ya mwezi. Yalikuwamo magunia manne ya sukari, katoni 24 za biskuti, jozi 40 za viatu vyeusi vya shule, vyote namba 36, na magodoro kumi na mawili ya futi 4 kwa 6. Vitanda vya kituo ni vya ghorofa, upana wake futi 2 na nusu. Godoro la futi nne haliingii humo hata ulikunje. Viatu viliwafaa watoto saba. Sukari ilikaa hadi ikaanza kuloa. Na wiki ya tatu baada ya mapokezi yale, tuliyopiga nayo picha, mpishi alikopa unga dukani, akaendelea kukopa kwa siku kumi na tisa.

Yule bwana hakuwa na kosa lolote. Aliulizia chakula, akanunua chakula. Alipopata habari za magodoro, alitutumia ujumbe wa maneno machache kwenye simu, nasi tumeyafanya kuwa kichwa cha makala hii.

Tuliamua barua ya pili isiandikwe ofisini. Tuliazima mizani ya dukani, tukaenda jikoni tukakaa wiki moja. Mpishi wetu, mama mtu mzima, hupima kwa sado na kwa jicho. Ukimwuliza unga kiasi gani hutumika atakujibu "wa kutosha," na jibu lake ni sahihi kwake. Hatukumbadilishia kipimo. Kila alipochota tulimwomba aweke kwanza juu ya mizani, kisha aendelee. Siku ya kwanza alituona wasumbufu. Siku ya tatu alianza kutuita yeye mwenyewe.

Tuligundua kwamba ugali wa jioni mmoja hula kilo 11 za unga, yaani kwa kila mtu gramu 250 na kidogo juu yake, mkubwa akifidia asichomaliza mdogo. Ugali hupikwa jioni zote saba. Mchana wa siku za shule watoto hula makande huko huko shuleni, na mwisho wa wiki majirani na wenye hitma huleta wali, jambo ambalo Alhamdulillah halijawahi kukatika. Basi wiki moja ni kilo 77, na wiki kumi na tatu, yaani robo ya mwaka, ni kilo 1,001. Hivyo ni viroba 40 vya kilo 25. Maharage ni kilo 4 kwa jioni, jioni tano kwa wiki, kwa kuwa siku mbili hupikwa dagaa na mchicha; robo nzima ni kilo 260. Stoo ilikuwa na kilo 60. Tukaandika 200.

Kutoa kilichomo stoo ni hatua ndogo, lakini wengi huiruka, na sisi tulikuwa miongoni mwao. Tuliona aibu ya namna fulani kumwambia mfadhili kwamba kitu tunacho. Tulidhani akisikia kuna maharage atasema hawa hawana shida. Kumbe orodha isiyotaja kilichopo ndiyo inayotia shaka, maana hakuna nyumba yenye watu 43 isiyo na chochote ndani.

Kisha likaja suala la wakati. Viroba 40 vikifika siku moja ni baraka machoni, lakini unga una umri wake. Wetu ni dona, unaosagwa pamoja na kiini cha mahindi, na kiini hicho kina mafuta. Ukikaa kwenye joto la Tanga miezi miwili huanza kutoa harufu ya uchachu, na watoto huijua kabla ya mtu mzima. Sembe iliyokobolewa hustahimili zaidi, ila huwa imepoteza sehemu ya lishe ambayo ndiyo tuliyoitaka. Maharage nayo huingiwa na wadudu: ukiona vitundu vya mviringo kwenye punje na vumbi jembamba chini ya gunia, umeshachelewa. Kwa sababu hiyo tuliomba unga uje kwa mafungu matatu, viroba 14 mwezi wa kwanza, kisha 13 na 13, na maharage yaje kwa mafungu mawili.

Upande wa magodoro tulifanya yaliyotupasa kufanya mwanzo. Tulipita na Bi mlezi kitanda kwa kitanda, tukabonyeza kila godoro kwa goti. Yaliyokwisha kabisa, ambayo goti linafika kwenye mbao, yalikuwa sita, si thelathini na nane. Tukaandika futi 2 na nusu kwa 6, unene inchi 4. Unene huo tuliusisitiza kwa sababu kitanda cha juu kina ubao wa kumkinga mtoto asianguke. Ukimletea godoro nene la inchi 8 kwa wema, unampandisha hadi ubao unamfika kiunoni tu, na akigeuka usingizini anashuka nao. Tukaongeza vifuniko kumi vya plastiki vya kuzuia maji kwa ajili ya wadogo, kwa sababu godoro la mtoto anayekojoa usiku huoza kwa ndani hali kwa nje linaonekana zima.

Baada ya hesabu ndipo tukakaa kupanga daraja, na hapa pana mabishano ambayo tunaona yafaa kuelezwa.

Chuoni tulisomeshwa mgawanyo wa wanazuoni wa usuli, ambao Imamu Ash-Shatibi, aliyefariki mwaka 790 Hijria, aliufafanua kwa mapana katika kitabu chake Al-Muwafaqat. Maslahi ya watu yako ngazi tatu: dharuriyyat, ambayo yakikosekana maisha yenyewe au dini yanaharibika, hajiyyat, ambayo yakikosekana watu wanaishi lakini kwa dhiki, na tahsiniyyat, yanayopamba na kukamilisha. Tulipousoma tulidhani ni elimu ya kujibia mitihani. Siku ile tulichora mistari miwili kwenye karatasi ya jikoni, tukapata safu tatu, na kila kitu tukakiuliza swali moja: kisipokuja mwezi huu, nini kitatokea na kwa mtoto yupi? Bei ya kitu hatukuiuliza kabisa. Jenereta ni ghali, na watu walilipenda, lakini jibu lake lilikuwa kwamba hakuna kitakachotokea ila tutasoma kwa taa za mkononi kama sasa. Likashuka safu ya tatu.

Unga, maharage, mafuta, sabuni na yale magodoro sita havikuleta ubishi. Viatu na madaftari viliingia safu ya pili, kwa kuwa muhula ulikuwa umeshaanza na wengi walikuwa navyo. Tulipodhani tumemaliza, Bi mlezi, aliyekuwa kimya muda wote, alimpa mwanawe mdogo kikaratasi kilichokunjwa amletee katibu. Humo aliandika: wasichana tisa, kila mmoja pakiti mbili kwa mwezi, na watatu wengine wakati wowote. Hakutaja ni pakiti za nini. Hakuwa na haja.

Mzee mmoja katika kamati, tunayemheshimu sana, alisema jambo hilo ni la siri ya wanawake na haliwezi kuandikwa kwenye barua yenye mhuri wa msikiti, kama lazima, liwekwe mwisho, chini ya neno "mengineyo." Tulisita. Kisha tukamwomba Bi mlezi, kupitia kwa mmoja wa wake zetu, atueleze wasichana hao hufanya nini sasa. Jibu lilikuwa kwamba hukata vitenge vikuukuu, na kwamba wanne kati yao hubaki nyumbani siku tatu au nne kila mwezi, wakisema wanaumwa kichwa. Tulichukua daftari la mahudhurio la shule, na siku zilikuwa pale, mwezi baada ya mwezi, zikirudiana kama mwandamo. Mtoto anayekosa siku nne kila mwezi amekosa zaidi ya mwezi mzima wa masomo kwa mwaka. Tukamweleza mzee kwamba miongoni mwa mambo matano ambayo dharuriyyat zimewekwa kuyalinda ni akili. Alinyamaza kidogo akasema, "Basi andikeni, ila andikeni kwa adabu." Tukahesabu: wasichana tisa, pakiti mbili, miezi mitatu, ni 54, na sita za akiba kwa wale watatu. Pakiti 60 za taulo za kike, daraja la kwanza, na ufunguo wa kabati lake anao Bi mlezi peke yake.

Ilibaki aina ya fedha. Mfadhili wetu alikuwa amesema sehemu ya mchango wake ni zaka na sehemu ni sadaka, naye alitaka tumwambie kipi kiende wapi. Tulimwendea sheikh wetu. Alitukumbusha kwamba wanaostahiki zaka wametajwa katika Suratu Tawba, aya ya 60, nao ni makundi manane, na neno yatima halimo. Yatima huingia kwa ufakiri wake au umaskini wake, si kwa kufiwa pekee. Zaka ikipokelewa na msimamizi kwa niaba ya mtoto maskini, akamnunulia chakula na nguo, imefika. Lakini haiendi kwenye mshahara wa mlinzi wala kwenye ukuta wa uzio.

Kauli hiyo ilitulazimisha kurudi kwenye majina. Kati ya watoto 38, wawili wana mirathi: ndugu hawa baba yao aliacha nyumba yenye wapangaji, na kodi yake huwekwa benki kwa majina yao chini ya usimamizi wa ami yao. Hawa si mafakiri. Toa wawili hao na watu wazima watano, wabaki 36 kati ya midomo 43. Tukagawa viroba vya unga kwa uwiano huo: 33 kutoka fungu la zaka, 7 kutoka fungu la sadaka. Mtu anaweza kuona tumechambua mno. Lakini chungu ni kimoja, na tuliona afadhali kuigawa hesabu kwenye karatasi kuliko kumwambia mtu zaka yako imefika na hatuna hakika.

Sehemu kuu ya barua, tukiondoa anuani na salamu, ilisomeka hivi:

"Yah: Mahitaji ya kituo kwa miezi mitatu, Februari hadi Aprili.

Mheshimiwa ndugu yetu, kituo kina watoto 38 na watumishi watano wanaokula hapo. Mahitaji tumeyapanga kwa daraja tatu. Ukijaaliwa kutoa sehemu, tunaomba daraja la kwanza likamilike kabla ya kugusa la pili.

Daraja la kwanza. Unga wa dona viroba 40 vya kilo 25, uje kwa mafungu matatu, viroba 33 kwa zaka na 7 kwa sadaka. Maharage kilo 200. Kilo 60 tunazo. Mafuta ya kupikia madumu 7 ya lita 20. Sabuni ya mche ya kufulia, katoni 6. Taulo za kike pakiti 60. Magodoro 6 ya futi 2 na nusu kwa 6, unene inchi 4, na vifuniko 10 vya plastiki vya vipimo hivyo.

Daraja la pili. Viatu vya shule jozi 14 kwa namba zilizoambatishwa; miguu imepimwa kwa kuchorwa juu ya karatasi. Madaftari ya kurasa 96, dazani 20.

Daraja la tatu. Jenereta dogo, na rangi ya kupaka bweni la wavulana.

Tusivyohitaji kwa sasa: sukari, biskuti, tende na nguo za mitumba, stoo imejaa. Dawa pia tunaomba zisitumwe, kwa kuwa mtoto akiugua hupelekwa zahanati na kuandikiwa.

Ikikuwia wepesi kutuma thamani badala ya vitu, akaunti ya kituo ina watia saini wawili, na risiti utatumiwa."

Ile aya ya tusivyohitaji ilitutoa jasho kuliko nyingine zote. Mswahili hakatai zawadi. Tuliiandika mara mbili na kuifuta mara mbili, na mwishowe ilikuwa ndiyo aya ya kwanza ambayo bwana yule aliitaja katika majibu yake, akisema imemwokolea fedha za katoni alizokwisha kuziagiza.

Alituomba pia majina ya watoto, picha zao na maelezo ya jinsi kila mmoja alivyofiwa, awaoneshe jamaa zake huko. Hapo tulimwomba radhi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila linalomhusu, na hata bila ya sheria, mvulana wa miaka kumi na mitano hapendi rafiki zake waione sura yake ikizunguka kwenye simu chini ya maneno ya kuhurumiwa. Tulimpelekea jedwali la umri na jinsia, bila jina. Hakukasirika.

Mzigo wa kwanza ulifika mwanzoni mwa Februari, sawa na barua, isipokuwa magodoro yalikuja matano kwa sababu la sita lilichanika njiani. Viatu vilivaliwa siku hiyo hiyo. Daftari la mahudhurio la Machi halikuwa na maumivu ya kichwa ila ya mtoto mmoja, na huyo alikuwa na malaria kweli.

Hata hivyo hatukupata vyote. Unga uliisha siku tano kabla ya robo kwisha. Kwanza tulimtazama mpishi, kisha tukamtazama mlinzi, na tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe kwa siku mbili zile za dhana. Daftari la stoo ndilo lililotutoa aibuni. Lilionesha kilo 11 kila siku bila kupungua wala kuzidi, isipokuwa siku tano zilizoandikwa 22. Zilikuwa siku za likizo fupi. Shule ilifungwa, makande hayakuwapo, watoto wakala ugali mchana pia. Mara tano kumi na moja ni 55, yaani jioni tano kamili zilizopotea mwishoni. Kosa lilikuwa la kalamu yetu, nasi tulikwenda kwa mpishi na kwa mlinzi tukawaomba msamaha, kisha tukamwandikia mfadhili sababu hiyo kama ilivyo.

Sasa tunaandaa barua ya Mei hadi Julai, yenye likizo ndefu ya Juni ndani yake. Rasimu ilikuwa na kilo 1,001 za kawaida pamoja na michana ishirini ya likizo, kilo 220, jumla viroba 49. Tuliipeleka kwa Bi mlezi. Ameirudisha jana na mstari wa kalamu nyekundu: watoto kumi na wawili huenda kwa jamaa zao wiki mbili kila Juni, tupunguze viroba vitatu. Tumeandika 46.